Kuuza Nyumba Kubwa Uzeeni na Kuhamia Ndogo: Hukumu ya Umiliki, ya Mauzo na ya Fedha Inayobaki

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Limekuwa ni jambo la kawaida katika miji yetu kumkuta mzee na mkewe wamebaki wawili katika nyumba ya vyumba vinane. Watoto wameoa na kuolewa na kila mmoja ana kwake. Vyumba sita vimefungwa, paa linavuja, kodi ya jengo inadaiwa kila mwaka, na mfukoni hamna kitu. Mali ipo, lakini yote imo ndani ya kuta. Hapo ndipo linapokuja wazo la kuiuza nyumba ile, kununua ndogo, na kuishi kwa kile kitakachobaki. Wazo lenyewe ni jema. Lakini maimamu wengi ni mashahidi kwamba ugomvi wa mirathi ulio mzito huanzia katika mauzo ya namna hii, na chanzo chake mara nyingi ni kwamba mzee aliuza kisichokuwa chake chote, kisha akaila thamani kabla haijajulikana ni ya nani.

Makala hii itafuata mambo matatu kwa mpango: hukumu ya kupunguza nyumba, kisha nyumba ni ya nani kabla ya kuuzwa, kisha mkataba na fedha inayobaki. Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na muuzaji tutamwita Zaidi, kama ilivyo ada ya vitabu vya fiqhi.

KUPUNGUZA NYUMBA KATIKA VITABU VYA FIQHI

Wako wanaodhani kuwa kuiacha nyumba kubwa ni kukataa neema, na hoja yao ni Hadithi iliyopokewa na Imamu Ahmad inayoitaja nyumba yenye nafasi kuwa miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu. Hadithi hiyo haipingani na jambo letu. Nafasi hupimwa kwa haja ya mwenye nyumba. Vyumba vitatu kwa watu wawili ni nafasi, na vyumba vinane visivyofagiwa ni mzigo.

Zaidi ya hayo, wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, walikwisha kuizungumzia mas-ala hii karne nyingi zilizopita, na mahali walipoizungumzia ni katika mlango wa Hija. Asili ni kwamba mtu halazimiki kuuza nyumba anayoihitaji kwa kukaa ili apate gharama za Hija. Lakini Imamu Rafii, na baada yake Imamu Nawawi, wamebainisha kwamba asili hiyo ni pale ambapo nyumba yote inahitajika. Ama ikiwa sehemu yake tu inamtosha, na thamani ya sehemu iliyozidi inatimiza gharama za Hija, itamlazimu kuiuza hiyo ziada. Na ikiwa nyumba ni ya thamani kubwa isiyolingana na hali ya mtu kama yeye, na lau angeibadilisha kwa inayomfaa tofauti ya bei ingetosha kwa Hija, basi itamlazimu kubadilisha.

Katika kafara mambo ni tofauti. Mtu halazimishwi kuiacha nyumba ya thamani aliyokwisha kuizoea ili apate cha kutolea kafara. Wameeleza sababu ya tofauti hiyo kwamba kafara ina badala yake, nayo ni kufunga, na Hija haina badala. Katika maneno yao hayo tunapata mambo mawili. La kwanza, mazoea ya mtu na nyumba yake yana uzito katika sheria, wala si jambo la kuchekwa. Mzee anayesita kuuza nyumba aliyolelea wanawe asilazimishwe na watoto wenye haraka. La pili, ziada iliyomo ndani ya nyumba inahesabiwa kuwa ni uwezo. Kwa hiyo Zaidi, ikiwa hajahiji na afya yake inaruhusu, ajue kwamba nyumba yake kubwa ilikwisha kumweka karibu na wajibu hata kabla hajafikiria kuiuza.

NYUMBA NI YA NANI?

Kukaa katika nyumba miaka 40 hakumfanyi mtu kuwa mmiliki wake wote. Kabla dalali hajaitwa, ni lazima kukaa chini na kuuliza maswali matatu: kiwanja kilitoka wapi, jengo lilijengwa kwa fedha ya nani, na je, kuna sehemu yoyote iliyowekwa wakfu? Sehemu ya wakfu haiuzwi, hata ikiwa ni chumba kimoja cha mbele ambacho bibi alikitoa kwa ajili ya madrasa. Jambo hilo hupelekwa kwa Kadhi au kwa wasimamizi wa wakfu kabla ya kitu chochote.

Tuje kwa Zaidi wetu. Yeye ni mtu wa Tanga, ana miaka 68, ana mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, wote watu wazima. Kiwanja aliachiwa na baba yake, ambaye alipofariki aliacha warithi wawili tu, Zaidi na dada yake. Mirathi ile haikugawanywa. Dada aliolewa, akaenda kwa mumewe, na Zaidi akajenga pale kwa ridhaa ya dada yake. Ilipofika wakati wa kuezeka, mke wa Zaidi aliuza dhahabu yake na fedha ikaingia katika mabati na milango.

Mtu akimuuliza Zaidi, atasema, "Nyumba yangu." Sheria inasema vingine. Kiwanja ni cha watu wawili: Zaidi ana theluthi mbili na dada yake ana theluthi moja, kwa kuwa mwanamume hupata mfano wa fungu la wanawake wawili. Kunyamaza kwa dada kwa miaka 30 hakufuti fungu lake. Kilichotokea ni kwamba hakudai, na haki ya mtu haifutiki kwa kuona haya. Ama jengo, hilo ni la aliyelijenga, na hapa lazima dhahabu ya mke iulizwe.

Fedha ya mke iliyoingia katika nyumba ya mume haiwezi kutoka nje ya hali tatu. Ima ilikuwa zawadi, na hapo mke hana fungu katika bei. Au ilikuwa mkopo, na hapo anarudishiwa kile alichokopesha: akiwa alitoa fedha taslimu hurudishiwa kiasi kile kile, na akiwa alimkabidhi mume dhahabu yenyewe kama mkopo hurudishiwa dhahabu ya uzito na sifa kama ile. Au ilikuwa ushirika, kwa kukubaliana kwamba jengo ni letu sote, na hapo anapata fungu lake kwa hesabu ya bei ya leo. Tofauti ni kubwa mno. Fedha iliyonunua mabati miaka 30 iliyopita leo hainunui hata milango, lakini robo ya jengo ni robo ya jengo. Kwa hiyo swali hili huulizwa wote wawili wakiwa hai na wenye akili timamu, mbele ya mashahidi, na jibu huandikwa. Kwa mfano wetu, Zaidi na mkewe wamekiri kwamba walikubaliana ushirika, na fungu la mke ni robo ya jengo.

Sheria ya nchi nayo ina neno hapa. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Na ikiwa hati bado ina jina la marehemu baba, mnunuzi makini hatatoa fedha mpaka awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ndiyo maana tunawaambia wazee waianze kazi hii kabla ya kutafuta mnunuzi. Mnunuzi akishapatikana kila mtu huwa na haraka, na katika haraka hiyo ndipo dada husahauliwa.

Je, ikiwa dada hataki kuuza? Zaidi anaweza kuuza fungu lake peke yake, lakini amwarifu dada kwanza, kama inavyoelekeza Hadithi ya Jabir katika Sahihi Muslim. Na akimuuzia mtu mwingine, dada ana haki ya shufaa, yaani kulichukua fungu hilo kutoka kwa mnunuzi kwa bei ile ile. Haki hiyo kwa Mashafi ni ya mshirika ambaye mali haijagawanywa baina yao. Jirani wa ukuta hana shufaa kwao, ingawa Mahanafi wanampa. Na anayetaka kuitumia haki hii asikawie baada ya kujua, kwani kwa Mashafi hupotea kwa kuchelewesha bila udhuru.

MKATABA: MAMBO MAWILI YANAYOHARIBU

Mzee anayeuza anapokaa ana shida ambayo muuzaji mwingine hana: anahitaji mahali pa kulala usiku wa siku ya mauzo. Kwa hiyo husema, "Nakuuzia, kwa sharti nikae humu miezi mitatu." Mahanbali wanalikubali sharti hilo likiwa la muda maalumu, na dalili yao ni kisa cha Jabir aliyemuuzia Mtume (rehma na amani zimfikie) ngamia na akabakisha haki ya kumpanda mpaka Madina. Mashafi, kwa kauli iliyo mashuhuri kwao, wanaona sharti hilo linaharibu mkataba, na wanakifasiri kisa cha Jabir kwamba sharti halikuwa ndani ya mauzo yenyewe. Anayetaka kutoka katika khitilafu afanye hivi: auze mauzo safi yasiyo na sharti, akabidhi, kisha kwa mkataba wa pili ulio mbali na wa kwanza apange kwa mnunuzi kwa kodi inayojulikana na muda unaojulikana. Miezi mitatu ya kodi ni gharama ndogo kuliko mauzo yenye shaka.

Jambo la pili ni arbuni. Zaidi ameiona nyumba ndogo inayomfaa, lakini kubwa haijauzika. Mwenye nyumba ndogo anataka atangulize fedha kidogo, na asiponunua fedha hiyo ipotee. Jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Mashafi, hawaikubali arbuni ya namna hiyo, na Imamu Ahmad ameiruhusu. Ukiacha khitilafu, kuna hatari ya kidunia iliyo wazi, kwa kuwa nyumba kubwa huchukua muda mrefu kupata mteja, na arbuni hupotea njiani. Ni salama zaidi wakubaliane kuwa ni ahadi tu, na fedha iliyotangulizwa ni amana itakayorudi mauzo yasipofanyika. Na kabla ya hata ahadi, hati ya nyumba ndogo ikaguliwe katika ofisi ya ardhi. Ni msiba kwa mzee kuuza nyumba yenye hati na kununua yenye kesi.

HESABU YA ZAIDI

Nyumba imeuzwa, na baada ya kumlipa dalali, mwanasheria na kodi za serikali zimebaki shilingi milioni 180. Mthamini alikwisha kusema kwamba kiwanja ni theluthi moja ya thamani na jengo ni theluthi mbili. Kwa hiyo kiwanja ni milioni 60 na jengo ni milioni 120.

Dada anapata theluthi ya kiwanja, nayo ni milioni 20. Mke anapata robo ya jengo, nayo ni milioni 30. Zaidi anabaki na milioni 130. Kumbe mzee aliyekuwa akipiga mipango ya milioni 180 alikuwa akipanga juu ya milioni 50 za watu wengine. Ndiyo sababu tunasema mafungu yapigwe kabla, ili mtu ajue kama kile kitakachobaki kwake kinatosha kufanya safari nzima. Kikiwa hakitoshi, kupangisha vyumba vinne vya nyumba ile ile kunaweza kuwa bora kuliko kuuza.

Nyumba ndogo, pamoja na matengenezo, ni milioni 80. Hapa kuna jambo ambalo wake wengi wamedhulumiwa kwa kutolijua. Mke wa Zaidi yuko tayari kuziingiza milioni 30 zake katika nyumba hiyo, na Zaidi atie 50. Ikiwa hati itaandikwa jina la Zaidi peke yake na hakuna maandishi mengine, siku Zaidi atakapofariki nyumba yote itahesabiwa kuwa tarka, na mjane atapewa thumuni, kwa kuwa mume ameacha watoto. Katika mafungu 64 ya nyumba, atapata 8. Ama ikiandikwa kwamba ni mshirika, ana mafungu 24 kati ya 64 tangu siku ya kununua, nayo si mirathi wala hakuna wa kumgawia. Kisha anarithi thumuni ya mafungu 40 ya mumewe, yaani 5. Jumla ni 29 kati ya 64, karibu nusu ya nyumba. Mjane mwenye thumuni anaweza kutolewa kwa fedha kidogo ili nyumba iuzwe. Mjane mwenye karibu nusu anaulizwa kwanza. Tofauti baina ya wajane hawa wawili ni mstari mmoja katika hati.

FEDHA INAYOBAKI

Zaidi sasa ana milioni 80 mkononi. Kuhusu fedha ya namna hii imepokewa Hadithi katika Sunan Ibn Majah na katika Musnad ya Imamu Ahmad, yenye maana kwamba anayeuza nyumba au ardhi na asiirudishe thamani yake katika mfano wake, hatabarikiwa katika thamani hiyo. Wanahadithi wameisemea sanadi yake. Wako walioiona dhaifu, na wako walioikubali kwa kuungana kwa njia zake. Imamu Tahawi ameishughulikia katika kitabu chake cha Mushkilul Athar, na akanukuu kutoka kwa Sufyan bin Uyayna kuifungamanisha na aya ya Suratu Fussilat inayotaja baraka na riziki zilizowekwa katika ardhi. Haifahamiki kutokana na Hadithi hii kwamba kuuza ni haramu. Ni nasaha, na maana yake inaonekana kwa macho: ardhi hutulia na hutoa, na fedha taslimu hutembea. Shemeji huja kukopa, mtoto huja na biashara, na baada ya miaka miwili hakuna nyumba wala fedha.

Anayepunguza nyumba kwa kununua ndogo amekwisha kuifuata nasaha hiyo kwa sehemu. Akitaka kuifuata kwa ziada, atie sehemu ya kilichobaki katika kitu kinachokaa. Zaidi ameweka kando gharama zake za Hija na akazilipa. Kisha amenunua vyumba viwili vya kupangisha, na akabakiwa na milioni 25 za matumizi, ambazo ameziweka katika akaunti isiyo na riba.

Zaka yake ni ipi? Nyumba ya kukaa haina zaka, kubwa wala ndogo. Vyumba vya kupangisha havina zaka katika majengo yenyewe. Kodi yake ikikusanyika, ikafikia nisabu na kupitiwa na mwaka, ndiyo hutolewa zaka. Ama fedha taslimu, mwaka wake wa Kiislamu unaanza kuhesabiwa tangu siku alipoimiliki thamani, si tangu alipoimiliki nyumba. Nisabu ni gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha. Bei ya dhahabu imepanda sana, basi anayepima kwa dhahabu apige hesabu kwa bei ya siku mwaka unapotimia. Kwa kipimo cha fedha, ambacho wengi wanakichukua kwa maslahi ya mafakiri, milioni 25 imekwisha kupita nisabu, na zaka yake ni robo ya kumi, yaani shilingi 625,000.

Hapa wengi hukosea kwa kukawia. Lau Zaidi angezikalia zile milioni 130 zaidi ya mwaka akitafuta nyumba ndogo, kila zilipopitiwa na mwaka zingempasa zaka, milioni 3 na laki 2 na nusu kwa mwaka wa kwanza. Nia ya kununua nyumba haiondoi zaka kwa fedha iliyokaa mwaka mzima.

Linabaki suala la watoto. Mara tu fedha inapoonekana, huja ombi: "Baba, nyumba ndogo iandike jina la mdogo wetu, maana yeye ndiye anayewatazama." Mtume (rehma na amani zimfikie) alikataa kuwa shahidi baba wa Nuuman bin Bashir alipotaka kumpa mtoto mmoja bila ya wenzake. Mashafi wanasema kuwasawazisha watoto katika zawadi ni suna na kuwapambanua ni makuruhu bila ya haja, na Mahanbali wanaona usawa ni wajibu. Mtoto anayewahudumia wazazi na akaacha kazi yake anaweza kulipwa kwa mapatano ya wazi, ndugu zake wakijua.

Lakini kuna kasoro nyingine ambayo haionekani kwa haraka. Zawadi kwa mtoto mkubwa haitimii ila kwa kukabidhi, na kukabidhi nyumba kwa Mashafi ni kuitoka na kuiondosha vyombo vyako. Baba aliyeandika jina la mwanawe kisha akaendelea kukaa na kitanda chake na kabati lake, akafariki humo, hakukabidhi. Kwa hukumu ya fiqhi nyumba hiyo inarudi katika tarka, na kwa karatasi ni ya mtoto, na ndugu wanagawanyika baina ya kadhi na mahakama. Na ikiwa zawadi ilitolewa katika maradhi ya mauti, inachukua hukumu ya wasia, na wasia kwa mrithi haupiti ila kwa ridhaa ya warithi wengine.

Kwa hiyo imamu anapojiwa na mzee anayetaka kuuza nyumba, asianze kumuuliza bei. Amuulize kiwanja kilitoka kwa nani, nani aliezeka, na dada yako yuko wapi. Majibu ya maswali hayo yakiandikwa na kushuhudiwa, kinachobaki ni hesabu, na hesabu haigombanishi ndugu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.